Chokaa Hai na Chokaa Iliyokufa: Ichunguzeni Kabla ya Kupaka

Mfuko wa chokaa unaofika Mishamo, mkoani Katavi, umesafiri mwendo mrefu, na huenda ukakaa ghalani msimu mzima wa mvua. Ukuta uliopakwa ukitoa weupe kama vumbi unapoguswa, mara nyingi hulaumiwa fundi. Tunashauri ichunguzwe kwanza chokaa yenyewe.

Mawe ya chokaa yakichomwa tanurini kwa joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, na kilo 100 za jiwe safi hubakia kilo 56 za chokaa hai. Hiyo ikimwagiwa maji hupata moto yenyewe na kupasuka. Kilo 56 hushika kilo 18 za maji, zikawa kilo 74 za unga mkavu, yaani chokaa iliyozimwa, ambayo ndiyo hutumika kupaka. Ukutani unga huo hunyonya taratibu kabonidayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe, ndivyo unavyoshika. Mfuko ukitoboka, yayo hayo hutokea humo ndani, na unga uliokwisha kugeuka hauwezi kushika tena. Kwa macho haitambulikani.

Tieni kijiko kimoja cha unga katika chupa angavu ya lita moja ya maji, mfunge, mtikise, kisha mwache hadi kesho yake. Maji angavu ya juu ndiyo maji ya chokaa. Yamimineni polepole katika glasi, mpulize pumzi kwa mrija, bila kuvuta. Kabonidayoksaidi ya pumzi huungana na chokaa iliyoyeyuka, na huzaliwa chembe ndogo za jiwe zisizoyeyuka. Chembe hizo huelea na kuyafanya maji kuwa kama maziwa. Yasipobadilika, chokaa imekufa. Tazameni mapema, kwa sababu mkiendelea kupuliza sana maji huangaza tena: jiwe lile hugeuka kuwa kitu kingine kinachoyeyuka.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Lita moja ya maji huyeyusha chini ya gramu 2 za chokaa, hivyo hata mfuko uliokufa nusu huweza kutoa maziwa mazuri. Kwa hiyo chukueni unga wa pembeni na wa katikati ya mfuko, mdondoshee kila mmoja siki. Unaotoa mapovu mengi umekwisha rudi kuwa jiwe. Ulio mzima huyeyuka karibu bila povu.

Chokaa ya kilimo nayo hutoa mapovu mengi, lakini hiyo si hila ya muuzaji. Mara nyingi huwa ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa: hupunguza uchachu wa udongo, wala haifai kupaka.

Unga ukiingia jichoni, oshweni papo hapo kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua 20, kisha mwende zahanati.