Fundi, Bafu Namba Tatu Lirudiwe

Mwambie fundi wa vigae kwamba kazi yake ni mbovu, naye atakujibu kuwa mwenye nyumba alipita jana akaisifu. Mtabishana hadi jua lizame. Mwambie badala yake kwamba bafu namba tatu maji yanatuama chini ya sinki, na bafu namba tano vigae tisa kati ya thelathini na sita havikushika. Hapo atachukua pima maji mwenyewe aje kuangalia.

Tuchukue mkandarasi anayejenga nyumba ya wageni, ambaye kazi ya sakafu za mabafu manane ameitoa kwa fundi mwingine mwenye vijana wake. Kabla ya kuanza walisaini makubaliano: gundi ienee chini ya kigae kizima, na sakafu ishuke sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Bila karatasi hiyo, malalamiko yote ya mkandarasi yangekuwa mapenzi yake tu.

Ukaguzi ufanyike fundi akiwepo. Bafu namba tatu, kutoka ukuta wa mbali hadi kwenye tundu ni mita moja na nusu, kwa hiyo sakafu ilipaswa kushuka milimita 15. Wanapima, wanakuta 6. Wanamwaga ndoo ya maji, na dimbwi linabaki. Bafu namba tano mteremko ni mzuri, lakini ukigonga vigae kwa sarafu, tisa vinalia kama debe tupu. Vinawekewa alama ya chaki na kupigwa picha.

Wengi huishia hapo na kukimbilia kuandika barua. Mimi nasema kwanza king'olewe kigae kimoja, kwa sababu mgongo wake ndio utakaoonyesha kosa ni la nani. Ukiona madonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, fundi aliokoa gundi na kuacha uwazi katikati yake. Ukiona mistari ya gundi imesimama sakafuni na mgongo wa kigae ni msafi, gundi ilitandazwa eneo kubwa ikakauka juu kabla ya vigae kufika. Gundi nyingi za kawaida hazisubiri zaidi ya dakika 20, na kwenye joto ni chini ya hapo. Lakini kigae kikitoka kimebeba kipande cha sakafu ya saruji, tatizo liko chini ya gundi. Kama sakafu hiyo aliimwaga mkandarasi, hana haki ya kumbebesha fundi mzigo wote.

Katika mfano wetu ni madonge, na sakafu ya saruji aliimwaga fundi mwenyewe. Sasa barua inaandikika, tena fupi:

“Fundi, rejea ukaguzi tuliofanya pamoja Jumanne. Bafu Na. 3: mteremko ni mm 6 badala ya mm 15 tulizokubaliana. Vunja vigae na sakafu ya saruji, mwaga upya kwa mteremko uliokubaliwa, paka dawa ya kuzuia maji, tuijaribu kwa maji saa 24 kabla ya vigae kurudi. Bafu Na. 5: ng'oa vigae tisa vyenye alama, kwangua gundi ya zamani, bandika upya kwa gundi iliyoenea kote. Niite nione kabla ya kujaza mianya. Kazi ianze Jumatatu, iishe ndani ya siku kumi. Gharama ni zako kwa mujibu wa makubaliano yetu.”

Maagizo hayo yametajwa kwa undani kwa sababu fundi aliyebanwa hutafuta njia ya mkato. Kwenye bafu namba tano ataomba amimine uji wa saruji kupitia mianya. Sauti inaweza kupungua, lakini uji hauna uhakika wa kufika katikati, wala haushiki vizuri kwenye vumbi. Kwenye namba tatu atataka kuongeza gundi chini ya vigae vya pembeni ili viinuke. Gundi nyembamba haikutengenezwa kubeba kimo cha namna hiyo. Ikiwa nene hunywea inapokauka na vigae vinakaa mawimbi. Ile dawa nayo isisahaulike: ukivunja sakafu umeitoboa, na usipoipaka tena maji yatatokea kwenye dari ya chumba cha chini.

Kuhusu fedha, mkandarasi azuie malipo ya mabafu mawili yenye kasoro, yale sita alipe. Kuzuia zote kunamnyima fundi hela ya kununua gundi ya marekebisho, na vijana wake watahamia saiti nyingine. Siku kumi zikipita bila kazi kuanza, anaweza kuita fundi mwingine na kukata gharama, ikiwa tu makubaliano yanamruhusu na amempa taarifa ya maandishi kwanza. Kazi ikiisha, wapime tena sehemu zilezile, waandike milimita mpya pembeni mwa zile za zamani, wote wawili wasaini.