Ulichonyamazia Siku ya Kukata Bima

Mei 1760, gavana wa ngome ya Marlborough, kituo cha Waingereza huko Bengkulu kisiwani Sumatra, alikatiwa bima mjini London. Masharti yake yalikuwa mafupi: adui kutoka Ulaya akiiteka ngome ndani ya mwaka mmoja kuanzia Oktoba 1759, gavana atalipwa. Aprili 1760 Wafaransa walikuwa wameshafika kwa meli na kuiteka. Charles Boehm, aliyeiweka sahihi yake kwenye bima hiyo, akagoma kulipa. Alidai gavana Carter alijua ngome yake ni dhaifu na Wafaransa wanaimezea mate, lakini akakaa kimya.

Mwaka 1766 Jaji Mkuu wa Uingereza, Mansfield, alitoa uamuzi unaotajwa mpaka leo kila mawakili wanapogombania bima. Alisema mtoa bima hupima hatari kwa kutegemea maelezo ya mwombaji, kwa kuwa mambo mengi ya hatari hiyo anayajua mwombaji peke yake. Mwombaji akificha jambo, mtoa bima amekubali hatari isiyo ile aliyodhani anaikubali, na mkataba hausimami. Hiyo ndiyo kanuni ya nia njema ya hali ya juu. Muuza gari kwa kawaida halazimiki kumtajia mnunuzi kila kasoro asiyoulizwa. Mwomba bima analazimika, hata kama hakuulizwa.

Lakini aliyeshinda kesi ile ni gavana. Mansfield aliona kuwa vita na Ufaransa vilijulikana London kuliko Sumatra, na kwamba ngome ile ilijengwa kuzuia wenyeji wa pale, si jeshi la Ulaya, jambo ambalo wengi walilijua. Mtoa bima halindwi dhidi ya yale anayoyajua au anayopaswa kuyajua kwa kazi yake.

Kanuni hiyo iliandikwa katika Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, na mahakama zikaitumia kwa bima za aina zote. Waingereza walipotawala Afrika Mashariki waliileta pamoja na sheria zao nyingine, na msingi wake bado unasikika katika mahakama za Kenya na Tanzania.

Swali gumu ni hili: jambo gani ni la lazima kusemwa? Sheria ya 1906 ilijibu kwamba ni jambo lolote ambalo mtoa bima mwenye busara angelizingatia anapoamua kukubali au kukataa, au anapopanga ada. Kipimo hakimtazami mwombaji. Haijalishi yeye aliliona dogo, na haijalishi kama ndilo lililoleta hasara.

Ukali wa kipimo hicho ulionekana katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1975. Mwanamke mmoja alikuwa ameweka bima ya vito vyake na vya mumewe tangu 1963, akihuisha kila mwaka. Mume alikuwa na hatia ya zamani ya kupokea sigara za wizi, na mwishoni mwa 1971 akafungwa kwa wizi. Mke alipohuisha bima mwaka 1972 hakutaja kifungo hicho, wala kampuni haikumuuliza. Baadaye vito vya paundi 311 vilipotea. Hakuna aliyesema mume ndiye aliyevichukua, lakini mahakama ikaipa kampuni haki ya kuufuta mkataba. Jaji mmoja alikiri wazi kwamba sheria hiyo hairidhishi, kwani mama huyo hangeweza kudhani kwamba anatakiwa kutaja aibu ya mumewe. Hata hivyo akashindwa.

Kuna mtego mwingine ambao watu wengi hunaswa nao bila kujua. Mwombaji anakaa na wakala, wakala anauliza huku akijaza fomu mwenyewe, kisha anasema, "Weka sahihi hapa." Katika kesi ya 1929 kuhusu basi, wenye basi walimweleza wakala ukweli wote kuhusu hasara zao za nyuma. Wakala akaandika mengine, nao wakatia sahihi. Mahakama ikasema aliyejaza fomu kwa niaba yao alikuwa mkono wao kwa kazi hiyo, na majibu ni yao. Kampuni haikulipa.

Sasa tuseme kuna mkazi wa Dar es Salaam anayenunua Toyota IST ya shilingi milioni 14 na kuikatia bima kubwa. Kwenye fomu, matumizi yameandikwa "binafsi". Ukweli ni kwamba jioni anachukua abiria kwa programu ya simu, naye hakuona haja ya kulitaja. Ada yake ni shilingi 490,000. Jumapili moja anaipeleka familia kanisani, gari linagongwa na kuharibika kabisa. Siku hiyo hakuna abiria wa kulipa.

Mkadiriaji wa hasara anatazama kilomita kwenye dashibodi. Mtu aliyesema anakwenda kazini na kurudi ametembea kilomita 60,000 kwa mwaka. Anauliza zaidi, na baada ya siku chache jina la dereva linaonekana kwenye orodha ya programu ile. Kampuni inasema ingejua, ingetoza ada ya teksi, tuseme shilingi 700,000. Kwa kanuni ya zamani, mkataba unahesabiwa kwamba haujawahi kuwepo. Kama hakuna udanganyifu wa makusudi, mteja anarudishiwa 490,000 zake, na milioni 14 amezikosa, ingawa ajali haikuhusiana na abiria.

Uingereza yenyewe imeuacha ukali huo. Sheria ya 2012 ya bima za watu binafsi ilimwondolea mteja wajibu wa kukisia. Sasa ni kazi ya kampuni kuuliza maswali yaliyo wazi, na mteja anatakiwa tu kuwa mwangalifu asitoe jibu lisilo sahihi. Sheria ya 2015 ikarekebisha bima za biashara. Mtu aliyekosea kwa uzembe, si kwa hila, analipwa kwa uwiano: ada aliyolipa inagawanywa kwa ada aliyostahili kutozwa. Mwenye IST angekuwa chini ya hesabu hiyo na jibu lake likaonekana ni la uzembe, 490,000 kwa 700,000 ni asilimia 70, na angepata shilingi milioni 9.8. Sheria hizo mbili ni za Uingereza. Hazimfikii mteja wa Mombasa au Mwanza.

Kwa hiyo mteja wa huku hujilinda kwenye fomu. Maswali yanayohusu matumizi ya gari, anayeliendesha, madai ya nyuma, magonjwa, au kampuni nyingine iliyowahi kumkataa hayajibiwi kwa kukisia. Akiwa na shaka juu ya jambo, analiandika kwenye karatasi na kuiambatisha, kisha anaomba nakala iliyogongwa muhuri. Jambo likibadilika kabla kampuni haijakubali maombi, kwa mfano daktari amemwanzishia dawa za shinikizo la damu wiki moja baada ya kujaza fomu ya bima ya maisha, anapeleka barua. Kwa bima ya gari au nyumba, wajibu huo unarudi kila anapohuisha, kwa sababu kuhuisha ni mkataba mpya. Hapo ndipo wengi huteleza: wanalipa ada kwa simu, na fomu ya mwaka wa kwanza inabaki vilevile, ingawa gari limebadilishiwa kazi na nyumba imepata wapangaji.