Majibu ya kinyama yanasema nini?

Karatasi ya majibu ya biopsi huandikwa na daktari mmoja ili isomwe na daktari mwingine. Mgonjwa hakuandikiwa yeye, ingawa mara nyingi ndiye anayebeba bahasha kutoka maabara hadi kliniki, na ndiye anayeifungua njiani. Humo hukuta mistari michache ya Kiingereza. Neno moja humpa faraja, jingine humnyima usingizi, na mara nyingi faraja hiyo au hofu hiyo huzidi kile kilichoandikwa hasa.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 38 huko Tanzania, nchi ambayo saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Alikwenda kupimwa kliniki. Muuguzi akampaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja, akaona doa jeupe lenye kingo zinazoonekana vizuri. Doa jeupe linaonyesha kwamba pale pana seli zisizo za kawaida. Haliwezi kusema ni za aina gani. Kwa hiyo mama akapewa rufaa, na huko daktari akamchukua vinyama viwili vya milimita chache, akavitumbukiza kwenye kichupa cha formalini.

Kusubiri kunachosha, lakini kuna sababu. Kinyama hukaa kwenye formalini kwa saa kadhaa ili kisioze. Baadaye hukaushwa maji, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5, yaani elfu chache tu za milimita. Vipande hivyo hutiwa rangi ya zambarau na waridi, ndipo mtaalamu wa patholojia anapoviweka chini ya hadubini. Pale ambapo wataalamu ni wachache na vichupa husafirishwa hadi mji mwingine, majibu hukawia zaidi. Kuna pia jambo linaloweza kuharibu kazi yote kabla haijaanza: kinyama kikiwekwa kwenye maji ya chumvi badala ya formalini, au formalini ikiwa kidogo mno, seli huoza njiani na majibu hurudi yakisema kipimo hakikufaa. Hilo si jibu jema wala baya. Maana yake ni kwamba kipimo kirudiwe.

Mtaalamu anapochungulia, la kwanza analojiuliza ni hili: seli hizi ni za nini? Akiandika "benign", anasema kwamba alichokiona si saratani. Huweza kuwa uvimbe mdogo unaoning'inia, au muwasho uliosababishwa na maambukizi. Hata hivyo bado huenda ukahitaji tiba, maana uvimbe usio wa saratani nao huvuja damu.

Jambo moja husahaulika sana hapa. Jibu hilo linahusu kile kinyama kilichofika maabara, si mwili mzima. Iwapo daktari aliona kidonda kikubwa kinachotoka damu kila kikiguswa, na majibu yakarudi na neno hilo jema, daktari makini hafungi faili. Hujiuliza kama koleo lake lilichukua mahali penyewe, na huchukua kinyama kingine. Kwa hiyo swali la maana ambalo mgonjwa anaweza kuuliza ni fupi: "Daktari, majibu haya yanalingana na ulichokiona?"

Mama wetu hakupata jibu hilo. Karatasi yake ilisema "CIN 3", na chini yake "no invasion seen".

CIN ni jina la displasia ya mlango wa kizazi, na displasia ni hali ya seli kupoteza mpangilio wake. Ngozi nyororo inayofunika mlango wa kizazi ina matabaka. Seli changa huzaliwa chini, hukomaa zikipanda juu, hatimaye hubanduka. Kirusi cha HPV kikikaa humo kwa muda mrefu, huvuruga utaratibu huo, na seli zenye viini vikubwa vyeusi huanza kujazana kuanzia chini. Zikiishia theluthi ya chini, mtaalamu huandika 1. Zikifika theluthi ya pili, huandika 2. Zikipanda zaidi ya hapo, hata kujaza unene wote, huandika 3. Maabara nyingine hutumia majina mawili tu, LSIL kwa daraja la chini na HSIL kwa madaraja ya juu.

Tarakimu hiyo 3 ndiyo inayowatisha watu, kwa sababu saratani nayo hupangwa kwa hatua, na wengi hudhani wameambiwa wana saratani ya hatua ya tatu. Sivyo kabisa. Chini ya ngozi ile kuna utando mwembamba unaoitenganisha na mishipa ya damu na ya limfu. Maadamu seli mbovu hazijautoboa, hazina njia ya kusafiri kwenda mapafuni au kwenye ini. Maneno "no invasion seen" yanasema hivyo: katika kilichoangaliwa, utando haujatobolewa. Hiyo si saratani.

Wala si jambo la kuachwa. Daraja la 1 mara nyingi hupona lenyewe, mwili ukimshinda kirusi, ndiyo maana daktari huweza kumwambia mgonjwa arudi baada ya mwaka bila kumkata. Daraja la 2 hurudi nyuma kwa takriban nusu ya wanawake ndani ya miaka miwili. La 3 lina historia nyingine, na dunia iliijua kwa njia ya kusikitisha.

Katika Hospitali ya National Women's mjini Auckland, Nyuzilandi, kuanzia mwaka 1966 daktari Herbert Green aliwafuatilia wanawake wenye hali hiyo bila kuwatibu kikamilifu, akiamini kwamba haigeuki kuwa saratani. Mtaalamu wa patholojia wa hospitali hiyo, Jock McLean, aliyekuwa akiviona vinyama vyenyewe, alipinga na hakusikilizwa. Habari zilifika kwa umma mwaka 1987 kupitia makala ya jarida, na uchunguzi wa serikali ukafuata. Watafiti walipozipitia kumbukumbu zile na kuchapisha matokeo mwaka 2008, walikuta kwamba miongoni mwa waliochukuliwa kinyama tu bila tiba, takriban 31 katika kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kwa waliotibiwa ipasavyo, hawakufika hata mmoja katika 100. Wanawake wale walilipa gharama ambayo hawakuulizwa kama wako tayari kuilipa. Ushahidi wao ndio unaomfanya daktari wa leo asikubali kungoja.

Kwa hiyo mama wetu alifanyiwa upasuaji wa LEEP, ambapo kitanzi cha waya chenye umeme huondoa sehemu yenye ugonjwa, mgonjwa akiwa amechomwa sindano ya ganzi. Kipande kilichotoka, kikubwa kuliko vile vinyama viwili vya mwanzo, nacho kilikwenda maabara. Majibu yake ndiyo yaliyomchanganya zaidi: kingo ya nje "clear", kingo ya ndani "involved".

Kingo za kipande huangaliwa hivi. Mtaalamu hupaka wino sehemu yote iliyopitiwa na waya, kisha hukikata kipande slesi kwa slesi kama mkate. Wino huo haufutiki, na chini ya hadubini huonekana kama mstari unaoonyesha waya ulipopita. Kukiwa na tishu nzima kati ya ugonjwa na wino, kingo ni safi. Seli mbovu zikigusa wino, kingo ina ugonjwa. Na wakati mwingine joto la waya huunguza ukingo kiasi kwamba seli hazitambuliki. Hapo mtaalamu mwaminifu huandika kwamba hawezi kusema.

Watu husikia "kingo safi" wakaelewa "nimepona", na husikia "kingo ina ugonjwa" wakaelewa "kansa imebaki". Yote mawili yanazidi kile ambacho wino unaweza kuonyesha. Kirusi huweza kuwa kingali kwenye ngozi ya jirani hata kama kipande kimetoka kizima. Na upande wa pili, ugonjwa mdogo uliobaki mara nyingi huunguzwa na joto lenyewe, au huondoka kidonda kinapopona. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba ugonjwa kubaki au kurudi hutokea karibu mara tano zaidi kwa wenye kingo zenye ugonjwa kuliko wenye kingo safi. Lakini hata wenye kingo safi, wapatao 4 katika 100 walikutwa nao tena. Waliokuwa na matumaini makubwa zaidi ni wale ambao kipimo cha HPV baada ya tiba hakikuona kirusi: kwao haikufika 1 katika 100. Kwa maneno mengine, kipimo cha HPV cha baadaye kinabashiri vizuri kuliko kingo zenyewe.

Kingo ya ndani ndiyo inayoelekea kwenye mfereji wa kizazi, mahali ambapo jicho haliwezi kufika kwa urahisi. Ndiyo maana daktari wa mama huyu hakuridhika na kumpaka siki tena. Alimwekea njia mbili mezani: kurudia LEEP, au kurudi baada ya miezi sita kupimwa HPV na kukwanguliwa seli za mfereji. Uamuzi unategemea mambo ambayo hayamo kwenye karatasi. Akitaka kuzaa bado, kukatwa mara ya pili kunafupisha mlango wa kizazi na kuongeza hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Akiwa anaishi na VVU, hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa zaidi na ufuatiliaji lazima uwe wa karibu. Na akiwa anakaa mbali, nauli ikiwa ya shida, daktari anapaswa kujua hayo kabla ya kuchagua njia inayotegemea yeye kurudi.

Kuna familia ambazo hapo husema "toeni kizazi chote yaishe". Haraka hiyo ni hatari. Kama ndani ya mfereji kuna saratani iliyojificha, kutoa kizazi kwa upasuaji wa kawaida si tiba inayotosha, na huweza kuivuruga tiba sahihi. Kwanza ijulikane kilichomo.

Anayesubiri uamuzi na aombe nakala ya majibu yote, ya kinyama cha kwanza na ya kipande cha LEEP, zikiwa na namba ya maabara. Vile vipande vya nta huhifadhiwa, na kwa namba hiyo mtaalamu mwingine anaweza kuviangalia upya bila mgonjwa kukatwa tena. Na hata kingo zikirudi safi zote, tarehe ya kipimo baada ya miezi 12 iandikwe kwenye kadi kabla hajatoka mlangoni.