RGB na HSV: Namna Mbili za Kuiandika Rangi ya Skrini

Kila nukta ya skrini ya simu, televisheni au kompyuta imeundwa kwa vitaa vitatu vidogo mno, kimoja chekundu, kimoja cha kijani na kimoja cha buluu. Rangi zote zinazoonekana hapo hutokana na vitaa hivyo kuwaka kwa viwango mbalimbali. Mfumo wa RGB huandika viwango hivyo kama vilivyo: namba tatu, kila moja kati ya 0 na 255, ya kwanza kwa wekundu, ya pili kwa kijani, ya tatu kwa buluu. Vitaa vyote vikizimwa panabaki weusi, vyote vikiwaka hadi mwisho unapatikana weupe, na vikilingana mahali popote katikati hutoka kijivu. Kwa njia hiyo zinapatikana rangi zaidi ya milioni 16, nazo zinatosha kwa kazi nyingi za kawaida.

Skrini inazisoma namba hizo bila taabu. Mtu anayetaka kuibadilisha rangi ndiye anayepata kazi. Chukua rangi ya tofali lililochomwa, ambayo katika RGB ni 204, 102, 51. Mbunifu anaitumia kwenye kitufe cha tovuti, na anataka kitufe kiwe cheusi kidogo pale kinapobonyezwa, lakini kibaki kile kile cha rangi ya tofali. Swali lake ni moja, ila mbele yake kuna namba tatu. Aguse ipi?

Jibu la haraka ni kupunguza zote kwa kiasi kimoja. Akitoa 38 kwa kila namba anapata 166, 64, 13. Rangi imekuwa nyeusi zaidi, lakini pia imekolea sana, kwa sababu buluu iliyokuwa ikiipunguzia ukali imekaribia kwisha. Akiendelea hadi kutoa 60, buluu inapaswa kufika 9 chini ya sifuri, jambo lisilowezekana. Programu huikatia kwenye 0, na matokeo ni 144, 42, 0. Hapo hata aina ya rangi imeanza kuhama kuelekea wekundu. Akijaribu kinyume chake, yaani kuongeza mwanga kwa kujumlisha 100 kila mahali, wekundu hugonga dari ya 255 huku kijani na buluu zikiendelea kupanda, na tofali linageuka kuwa rangi ya pichi iliyopauka yenye umanjano ndani yake. Atakayeangalia kitufe hicho atasema tu kwamba rangi "imeharibika", bila kujua kwamba kilichobadilika ni mambo matatu kwa mpigo.

HSV ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo la namna hiyo. Aliyeieleza rasmi ni Alvy Ray Smith, katika makala ya mwaka 1978, wakati alipokuwa katika Taasisi ya Teknolojia ya New York akishughulikia programu za kuchorea kwenye kompyuta. Baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Pixar. Watumiaji aliowalenga walikuwa wachoraji, na mchoraji haifikirii rangi kama mchanganyiko wa mianga mitatu. Huanza na rangi safi, kisha huipoza kwa nyeupe au huitia giza kwa nyeusi.

Katika mfumo huo rangi inaelezwa pia kwa namba tatu, ila kila moja inajibu swali lake. H ni aina ya rangi, hupimwa kwa digrii kwenye duara: nyekundu iko 0, njano 60, kijani 120, buluu 240, kisha mzunguko unarudi kwenye nyekundu. S ni ukolevu, kuanzia 0 ambapo rangi yote imetoweka, hadi asilimia 100 ambapo imekolea kabisa. V ni mng'ao, kuanzia giza tupu hadi kiwango cha juu ambacho skrini inaweza kuitoa rangi hiyo. Baadhi ya programu za picha, Photoshop ikiwemo, huandika herufi B mahali pa V, lakini hesabu ni ile ile.

Na hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko watu wengi wanavyodhani. V ni namba kubwa kuliko zote tatu za RGB, ikigawanywa kwa 255. Kwa tofali letu, 204 kwa 255 ni asilimia 80. S ni tofauti kati ya namba kubwa na ndogo, ikigawanywa kwa ile kubwa: 204 kutoa 51 ni 153, na 153 kwa 204 ni asilimia 75. H hutegemea namba ya kati imekaa wapi baina ya hizo mbili. Hapa 102 imepanda theluthi moja ya njia kutoka 51 hadi 204, nayo theluthi ya digrii 60 za kutoka nyekundu hadi njano ni digrii 20. Kwa hiyo 204, 102, 51 na digrii 20, asilimia 75, asilimia 80 ni rangi moja. HSV haijaongeza rangi yoyote ambayo RGB haina. Imezipanga upya namba zile zile.

Sasa mbunifu wa kitufe anashusha V peke yake, kutoka 80 hadi 65. Programu inafanya kile ambacho mkono wake haukufanya: inazidisha namba zote tatu kwa kiasi kimoja, badala ya kutoa kiasi kimoja. Matokeo ni 166, 83, 41. Wekundu bado ni mara mbili ya kijani, na kijani ni mara mbili ya buluu, kama mwanzo. Uwiano huo ndio unaobeba aina ya rangi na ukolevu wake, na ukilindwa jicho linaona tofali lile lile limeingia kivulini. Ukilinganisha na 166, 64, 13 ya awali, wekundu ni sawasawa katika rangi zote mbili. Tofauti yote imo katika namba mbili nyingine.

Kwa ukolevu faida inaonekana zaidi. Tuseme rangi ya tofali inatakiwa kupozwa ili itumike kama mandhari ya nyuma, S ishuke kutoka 75 hadi 40. Mng'ao haubadiliki, kwa hiyo wekundu unabaki 204. Buluu inapanda kwa 71 kufika 122, na kijani kinapanda kwa 48 kufika 150. Ongezeko ni la viwango viwili tofauti kwa kusudi moja, na hakuna mtu anayeweza kulikisia kwa kusogeza vidhibiti vya RGB kimoja baada ya kingine. Anayehitaji rangi tano za familia moja kwa ajili ya nembo, vitufe na maandishi huweka H mahali pamoja, kisha hucheza na S na V tu.

Hilo halimaanishi kwamba RGB imebaki kazi ya mashine peke yake. Picha iliyopigwa chini ya taa ya manjano husahihishwa kwa kuongeza buluu au kupunguza wekundu na kijani, maana kasoro yenyewe imo kwenye vitaa hivyo. Kuchanganya rangi mbili nako ni kazi ya RGB. Mtu akitaka wastani wa nyekundu mbili zilizoko digrii 350 na digrii 10, hesabu ya kawaida ya H itampa digrii 180, yaani rangi ya bahari iliyo upande wa pili kabisa wa duara. Ndiyo maana tabaka zinazopitisha mwanga na rangi zinazoyeyukia nyingine kwa kawaida huhesabiwa kwa RGB.

Yapo pia mazoea ya kuchanganya HSV na ndugu yake HSL, mfumo unaotumika kwenye msimbo wa tovuti. H ni ile ile katika yote miwili, lakini S hailingani. Rangi yetu ya tofali huandikwa hivi:

```
#CC6633
rgb(204, 102, 51)
hsl(20, 60%, 50%)
```

Ukolevu uliokuwa 75 sasa ni 60, na mng'ao wa 80 umekuwa wepesi wa 50. Katika HSL, namba ya mwisho ikifika 100 rangi yoyote inakuwa nyeupe, ilhali V ikifika 100 rangi inakuwa tu imewaka kikamilifu. Anayenakili namba kutoka kwenye programu ya michoro na kuzibandika ndani ya `hsl()` atapata rangi nyingine, kwa kawaida iliyopauka na yenye mwanga zaidi ya alivyotaka.

Udhaifu mkubwa wa HSV umo ndani ya wepesi wake. V huangalia namba kubwa tu, na haijui jicho la mtu linaonaje. Njano safi ni 255, 255, 0 na buluu safi ni 0, 0, 255. Zote mbili zina V ya asilimia 100. Lakini jicho hupokea kijani kwa nguvu kuliko wekundu, na buluu kwa unyonge kuliko zote. Kwa vipimo vya kawaida vya skrini, njano hiyo hubeba takriban asilimia 93 ya mwanga wa nyeupe, na buluu asilimia 7 tu. Jaribio rahisi linaudhihirisha udhaifu huo: picha yenye rangi hizo mbili ikishushwa S hadi 0, njano na buluu zote zinageuka nyeupe tupu, na mpaka kati yao unapotea. Kwa sababu hiyo anayetaka picha ya kijivu hatumii S ya HSV. Hutumia amri ya kuondoa rangi inayopima kila kitaa kwa uzito wake.

Kwenye maandishi kosa hilo ni la hatari. Mwongozo wa WCAG unaofuatwa na watengenezaji wa tovuti unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Buluu safi juu ya nyeupe hufika 8.6. Njano safi, yenye V ile ile, haivuki 1.1, na maneno yaliyoandikwa nayo hayasomeki. Mbunifu anayepanga rangi za jedwali au ramani kwa kuzipa zote V moja, akiamini zitakuwa na uzito mmoja, atakuta njano imepotea na buluu imekuwa nzito kama wino.

Kwa kazi ya aina hiyo ipo mifumo iliyojengwa juu ya vipimo vya uoni wa binadamu, kama Lab ya mwaka 1976 na Oklab iliyotolewa na Björn Ottosson mwaka 2020, ambayo vivinjari vya sasa huielewa kupitia `oklch()`. Hapo namba ya mwanga hukaribia sana kile ambacho jicho linakiona, kwa gharama ya mipaka isiyo rahisi kuikariri: si kila ukolevu unawezekana kwa kila mwanga. Kwa kuchagua rangi na kuirekebisha papo hapo, vidhibiti vya HSV bado ndivyo vinavyofunguka kwanza katika programu nyingi za michoro, na tofauti ya maandishi na mandhari hupimwa baadaye kwa chombo chake.