Vipimo vya Damu Kuganda kwa Urithi: Nani Apime, na Lini?

Chukua mfano wa mama wa miaka 28 aliyejifungua kwa upasuaji. Wiki ya pili, mguu wake wa kushoto unavimba kuanzia pajani, una joto na unauma. Ultrasaundi inaonyesha bonge la damu kwenye vena ya paja. Anaanzishiwa sindano za heparini na vidonge vya wafarini. Siku chache baadaye ndugu wanakumbuka kuwa shangazi yao alikufa kwa bonge lililopanda mapafuni, basi anapimwa kama ana tatizo la kurithi. Majibu yanarudi: protini C, protini S na antithrombini zote ziko chini. Nyumba nzima inaingiwa na hofu.

Hofu hiyo haina msingi bado. Protini hizo tatu ndizo breki za kuganda kwa damu. Antithrombini huizuia thrombini, kimeng'enya kinachotengeneza nyuzi za bonge. Protini C, ikisaidiwa na protini S, hukatakata faktari ya tano ili mgando usiendelee. Anayerithi upungufu wa mojawapo hupata mabonge kwa urahisi.

Lakini hata asiye na kasoro ya kurithi zinaweza kumshuka. Ujauzito hushusha protini S, nayo huchukua wiki kadhaa kurudi baada ya kujifungua. Wafarini huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huihitaji kutengeneza protini C na S. Heparini hushusha antithrombini, na bonge jipya lenyewe huzitumia zote. Kwa hiyo vipimo hivi husubiri matibabu ya angalau miezi 3 yaishe na wafarini iwe imeachwa wiki 2 au zaidi, kwa ruhusa ya daktari. Vikiwa chini, hurudiwa kabla ya kuamini.

Kuna pia badiliko la faktari ya tano lililogunduliwa mwaka 1994 mjini Leiden, Uholanzi. Faktari iliyobadilika haikatwi vizuri na protini C. Hupimwa kwenye vinasaba, kwa hiyo dawa na ujauzito haviharibu jibu. Watu wapatao 5 katika kila 100 wenye asili ya Ulaya wanalo, na wengi wao hawapati bonge maishani. Kwa Waafrika weusi ni nadra, ndiyo maana kwetu si kipimo cha kukimbilia.

Wanaofaa kufikiriwa ni waliopata bonge wakiwa vijana bila sababu ya wazi, wenye mabonge mahali pasipo pa kawaida kama vena za tumboni au za ubongo, na wale ambao wazazi au ndugu zao wa tumbo moja waliugua mapema. Mama wetu, majibu yawe yoyote, atahitaji kinga ya sindano katika mimba ijayo na hatatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Anayeweza kufaidika zaidi ni mdogo wake anayetaka kuanza vidonge hivyo. Mdogo huyo amweleze daktari habari za dada na shangazi kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.