Sauti ya Barua na Sauti ya Ripoti katika Insha za Mtihani

Katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE nchini Kenya, yaani karatasi 102/1, mtahiniwa hutakiwa kuandika insha mbili kwa muda wa saa 1 na dakika 45. Kila insha ina alama 20 na haipasi kupungua maneno 400. Swali la kwanza ni la lazima, nalo kwa desturi huwa la insha ya kiuamilifu, kama vile barua rasmi au ripoti. Miongozo kadhaa ya kusahihisha imeagiza kwamba asiyezingatia sura ya utungo aondolewe alama 4 baada ya kutuzwa. Hasara hiyo ni kubwa, lakini kufuata sura peke yake hakutoshi, kwani mtu aweza kuweka kila kitu mahali pake na bado akaandika kwa sauti isiyokuwa ya utungo huo.

Tuanze na barua. Anwani ya mwandishi hukaa juu upande wa kulia pamoja na tarehe, na ya mwandikiwa hufuata upande wa kushoto. Kisha huja mtajo, kichwa kilichopigiwa mstari, mwili, na mwisho sahihi, jina na cheo. Mambo haya hujifunzwa upesi. Linalowashinda wengi ni salamu. Mswahili hufunzwa tangu utotoni kwamba haja haitangulii salamu, na hata barua za kale zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu zilitanguliza sifa na maamkizi marefu kabla ya kufika kwenye neno “wabaadu”, ambapo haja ilianza. Barua rasmi ya leo imeliacha fungu hilo lote. Basi mtahiniwa aandikapo “Natumai u mzima wa afya” chini ya kichwa cha kuomba kazi, si kwamba hajui adabu. Ametumia adabu ya barua ya kirafiki. Katika barua rasmi heshima hubebwa na mtajo, na kichwa ndicho kishikacho mahali pa “wabaadu”. (Kichwa chenyewe huanza kwa “Mint.”, kifupisho cha mintarafu, au “Kuh.” katika shule za Kenya, na kwa “Yah.” huko Tanzania. Yote ni sawa, mradi mwandishi asichanganye.)

Ripoti ina ugumu wa namna nyingine. Tuchukue swali la aina hii: wewe ni katibu wa kamati iliyoteuliwa na mwalimu mkuu kuchunguza sababu za wanafunzi kuchelewa kufika shuleni, andika ripoti. Kichwa hutaja kamati na jambo lililochunguzwa. Utangulizi hueleza ni nani aliyeiteua kamati, lini, na kwa kazi gani. Hapo hufuata njia za uchunguzi, matokeo, hitimisho na mapendekezo, kila sehemu chini ya kichwa chake kidogo.

Sasa tutazame sentensi mbili zinazoweza kuandikwa chini ya matokeo. Ya kwanza: “Wanafunzi wengi ni wavivu na jambo hili linatukasirisha sana.” Ya pili: “Ilibainika kwamba katika wanafunzi 40 waliohojiwa, 26 huvuka mto ambao daraja lake halipitiki siku za mvua.” Sarufi ya sentensi ya kwanza haina kosa lolote, ila inahukumu pasipo kuonyesha ushahidi. Ya pili inatoa jambo linaloweza kuhakikishwa, na kitenzi “ilibainika”, kwa kauli yake ya kutendeka, humwondoa mtendaji ili jambo lenyewe lisimame mbele. Lakini kauli hiyo ina mpaka wake. Katika sehemu ya njia za uchunguzi msomaji ataka kujua ni nani aliyefanya nini. Kwa hiyo “kamati iliwahoji wanafunzi” ni bora kuliko “mahojiano yalifanyika”. Kusema “tuliwahoji” pia si kosa, lakini ripoti inayoanza na “kamati”, ikaendelea na “tuli-”, ikaishia kwa “nili-”, humfanya msomaji asijue ni nani anayesema naye.

Kosa hudhihirika zaidi katika mapendekezo. Mtahiniwa aliyepata daraja bovu katika matokeo huandika, kwa mazoea, kwamba wachelewaji waadhibiwe vikali. Pendekezo hilo halikuzaliwa na matokeo yake. Huenda alilikariri kutoka ripoti nyingine. Lililostahili ni hili: “Inapendekezwa kwamba wenye mamlaka waombwe kutengeneza daraja kabla ya masika, na kwamba siku za mvua darasa la kwanza lianze kwa kuchelewa nusu saa.” Njia rahisi ya kujisahihisha ni kuweka kidole juu ya kila pendekezo na kutafuta tokeo lililolileta, lisipopatikana, ama pendekezo lifutwe, ama tokeo lililosahauliwa liandikwe. Kisha hufuata sahihi, jina, cheo cha katibu na tarehe. Katika ripoti tarehe yaweza kukaa hapa chini, wala hapana haja ya “Wako mwaminifu”, kwani neno hilo ni la barua.