Ukishasaini Kwingine, Waandikie Umejitoa

Swali limeulizwa mno: "Nimepata kazi kwingine. Nikinyamaza, hawa wa kwanza si wataelewa tu?" Hawataelewa. Wanaonyamaza huamini kimya ni akiba, kwamba kazi mpya ikiharibika watarudi kwenye ile ya kwanza. Mchukue mhasibu wa Nairobi aliyefanya usaili wa mwisho Jumanne, kisha Alhamisi akasaini mkataba na kampuni nyingine. Jopo limeshampa nafasi ya kwanza. Ijumaa ofisa wa rasilimali watu anampigia bosi wa zamani wa mhasibu, aliyetajwa kwenye maombi kama shahidi wake, naye anamsifu bila kujua kwamba kijana ameshaondoka. Jumatatu mhasibu mwenyewe anapigiwa simu, hapokei. Wiki inapita nafasi ikishikiliwa kwa ajili yake, na mwombaji wa pili, ambaye hajaambiwa lolote, anachukua kazi kwingine. Jopo linalazimika kuanza upya, na jalada la mhasibu linabaki na maelezo kwamba hakupatikana. Akiba iko wapi hapo? Aliyejitoa kwa maandishi huitwa tena nafasi nyingine ikitokea. Aliyetoweka amewapa sababu ya kumruka.

Nitajibiwa kwamba waajiri nao hunyamaza. Ni kweli, na wanakosea, lakini anayeumia kwa kimya chako ni yule mwombaji wa pili. Na kazi mpya ikiyeyuka? Subiri mkataba uliosainiwa na pande zote mbili ndipo ujitoe. Ahadi ya simu haitoshi. Kusingizia ugonjwa au msiba ni kubaya zaidi, maana mwajiri mwenye utu atakuahirishia usaili na utahitaji uongo wa pili.

Wengine wanaogopa kushtakiwa. Usaili peke yake hauzai mkataba, kwa hiyo hakuna unachovunja. Ukiwa umesaini na hawa pia, mambo ni mengine: huko ni kuvunja mkataba. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaruhusu mkataba wa kipindi cha majaribio uvunjwe kwa notisi ya siku 7 au kwa kulipa mshahara wa siku hizo.

Barua yenyewe ni fupi. Jibu ileile baruapepe waliyokuitia usaili, siku uliyosaini, ukitaja cheo na namba ya tangazo: "Naomba kujitoa katika mchakato wa kujaza nafasi ya Mhasibu. Nimekubali ajira kwingine. Nawashukuru kwa muda mlionipa." Usitaje jina la mwajiri mpya wala mshahara, na usiandike "kwa sasa", kwani watadhani bado unapatikana. Kama usaili ni kesho, piga simu kwanza, kisha andika. Wakikuongezea dau, kataa, umeshasaini. Halafu wajulishe mashahidi wako leo hii, kabla simu nyingine haijawafikia.